Hanuka 2024: nane au tisa?

"Kalenda yangu inaonyesha Hanuka, sikukuu ya Wayahudi, 25 Desemba 2024 hadi 2 Januari. Nahesabu siku tisa. Si wanasema nane?"

Ni nane. Siku ya Kiyahudi huanza jua likizama, kama sisi wa Pwani tunavyosema "usiku wa Ijumaa" tukimaanisha Alhamisi jioni. Hanuka huanza tarehe 25 ya mwezi wao wa Kislev, nayo iliingia Jumatano jioni, 25 Desemba, mshumaa wa kwanza ukawashwa, ikatoka Alhamisi magharibi. Kila siku yao inakanyaga tarehe zetu mbili, ndiyo hiyo tisa yako. Kislev ya mwaka ule ilikuwa na siku 30, basi sita zikaangukia humo na mbili Tevet, mwezi unaofuata. Ikiwa na 29, sikukuu huishia 3 Tevet badala ya 2.

— Kumbe ni kama Ramadhani, inarudi nyuma tu kila mwaka?

Nusu kweli. 2025 ilianza jioni ya 14 Desemba, siku 11 nyuma. Lakini miaka saba katika kila 19 wao huongeza mwezi mzima, tarehe zikaruka mbele tena. Ndiyo maana hutaikuta Hanuka mwezi wa Juni.

— Mie nilikwenda kumpongeza jirani tarehe 2 usiku, kashafungasha vinara!