Songhai: anzeni na mto kabla ya kufika kwa jeshi

Swali hili hurudi kila muhula: kwa nini Songhai, dola ya Afrika Magharibi ya karne ya 15 na 16, ilijenga jeshi la kudumu na kuweka maliwali wa majimbo baada ya dola ya Mali kudhoofika? Majibu mengi ya wanafunzi wapya huanza kwa kumsifu mfalme wake, Askia Muhammad. Alikuwa hodari, akaunda jeshi, akaigawa dola katika majimbo. Msahihishaji akifika hapo ameshaambiwa Askia alifanya nini, lakini bado anasubiri sababu. Nimefundisha mada hii kwa muda mrefu, na ushauri wangu kwenu mnaoianza ni huu: wekeni kando orodha ya wafalme kwa saa moja, mkunjue ramani.

Mto Niger huanzia nyanda za juu za Guinea, ukaelekea kaskazini-mashariki kana kwamba unakwenda kuishia jangwani. Ukipita maeneo ya Jenne hutawanyika kuwa mabwawa na vijito vingi, kisha hugusa ukingo wa Sahara karibu na Timbuktu, hupinda, hupita Gao na kuteremka kusini-mashariki hadi nchi ya Dendi. Kutoka Jenne hadi Dendi ni zaidi ya kilomita 1,000 za maji. Mvua kubwa ya Guinea hunyesha katikati ya mwaka, lakini mafuriko yake huchukua miezi kadhaa kufika Timbuktu na Gao, na yakifika huko nchi imekauka kabisa. Kwa hiyo mpunga na mtama hustawi mahali ambapo mvua peke yake isingetosha, na mashua kubwa za nafaka zinaweza kupita.

Sasa tazameni pande mbili za mto huo. Kaskazini kuna Watuareg na ngamia wao. Kusini, ndani ya tao la mto, kuna Wamossi na wapandafarasi wao. Dola ya Songhai ilikuwa ukanda mrefu na mwembamba wenye utajiri mwingi, na adui aliweza kuuvamia popote. Ukiulinda kwa kuwaita wakulima waache majembe, watafika adui ameshaondoka. Na ukiwaita mara kwa mara, utapoteza mavuno.

Mali ilikuwa imelishughulikia tatizo hili kwa njia nyingine. Kitovu chake kilikuwa nchi ya Mande, mbali upande wa juu wa mto. Gao na Timbuktu zilikuwa pembezoni mwa dola hiyo. Mansa, yaani mfalme wa Mali, aliwaacha watawala wengi wa mahali katika viti vyao, akapokea ushuru na utii, na penye umuhimu akaweka mwakilishi wake pamoja na kikosi. Mpango huu ulifaa pale kitovu kilipokuwa na nguvu. Baada ya Mansa Sulayman kufariki mwaka 1360, ugomvi wa kurithi kiti ukaidhoofisha Mali, na pembezo zikaanza kukatika. Gao, kitovu cha Songhai, ilijitoa. Mwaka 1433 au karibu na hapo, Watuareg waliitwaa Timbuktu.

Kaeni kidogo na kisa cha Timbuktu, maana kinaeleza zaidi ya kurasa nyingi za nadharia. Akil, mkuu wa Watuareg, hakuhamia mjini. Aliendelea kuishi jangwani na mifugo yake, na mjini akamwacha mkuu wa mahali akusanye kodi na kubaki na theluthi yake. Baadaye Akil alianza kuichukua hata ile theluthi. Umar, mtoto wa yule mkuu wa mji, akapeleka ujumbe wa siri kwa Sonni Ali, mfalme wa Songhai kule Gao, akimkaribisha aje. Sonni Ali aliingia Timbuktu mwaka 1468. Mji mkubwa wa biashara ulibadilisha bwana kwa sababu aliyekuwa akiutawala kwa jina la Akil alinyimwa fungu lake. Yeyote aliyekuja kuutawala baadaye alikuwa na somo mbele yake kuhusu kutegemea mkusanya kodi asiye mtu wako, katika mji usiokuwa na askari wako.

Sonni Ali alitawala tangu 1464 hadi 1492, na muda mwingi wa miaka hiyo alikuwa vitani. Jenne inaonyesha vita vile vilivyohitaji. Maji yakipanda, mji huo huwa kisiwa. Huwezi kuuzingira kwa farasi, unahitaji mashua na watu wanaoujua mto, yaani Wasorko, wavuvi na mabaharia wa Niger. Maji yakishuka, mashua hukwama na farasi ndio hutumika. Masimulizi husema mzingiro ulidumu miaka saba, miezi saba na siku saba. Msiinukuu hesabu hiyo kama tarehe ya kalenda, ni namna ya wasimulizi kusema kwamba ulikuwa mrefu mno. Lakini maana yake ya kijeshi ni wazi: mtu aliyezingira mji kwa misimu mingi hakurudi shambani. Jeshi la Sonni Ali lilikuwa la kudumu kwa vitendo kabla halijawa hivyo kwa mpango.

Hapa ndipo sentensi moja ya Tarikh al-Sudan, kitabu cha historia kilichoandikwa Timbuktu na al-Sa'di katika karne ya 17, inapokuwa na thamani. Anasema kwamba zama za Sonni Ali watu wote walikuwa askari, na Askia Muhammad ndiye aliyetenganisha askari na raia. Isomeni kwa uangalifu. Wanazuoni wa Timbuktu walimchukia Sonni Ali kwa sababu aliwatesa na kuwafukuza baadhi yao, na walimpenda Askia kwa sababu aliwaheshimu. Basi sifa ya Askia imeongezwa chumvi. Hata hivyo mabadiliko yenyewe yana mantiki ukiangalia hali aliyokuwa nayo.

Askia hakuwa wa ukoo wa kifalme. Alikuwa kamanda. Mwaka 1493 alimshinda Sonni Baru, mrithi wa Sonni Ali, katika vita vya Anfao, akajitwalia kiti na cheo cha Askia, ambacho warithi wake pia walikitumia. Mtu wa namna hiyo hawezi kulala usingizi akitegemea askari wanaoitwa na machifu wa vijijini, kwani machifu hao walikuwa wameapa kwa nyumba aliyoiangusha. Alihitaji watu ambao chakula chao, farasi wao na cheo chao vilitoka mkononi mwake. Wakati huohuo alitaka wakulima walime na wafanyabiashara wafanye biashara, maana humo ndimo mlimotoka ushuru. Kutenganisha askari na raia kulimtimizia yote mawili. Kuhiji kwake Makka kati ya 1496 na 1498 kulimpa uhalali ambao damu haikumpa, lakini asingethubutu kusafiri muda wote huo bila jeshi lake na ndugu yake Umar kubaki nyuma.

Mkisema jeshi la kudumu, msiweke vichwani mwenu mshahara wa mwisho wa mwezi. Askari waliishi kwa ngawira, kwa chakula cha mtawala na kwa vifaa vyake. Tarikh al-Fattash, kitabu kingine cha historia cha Timbuktu, inaeleza kwamba askari akifa, Askia alirithi farasi wake, ngao na mikuki yake, mpaka Askia Dawud (1549–1582) alipoanza kurithi mali yote. Hilo linatuonyesha zana za vita zilihesabiwa kuwa za nani. Farasi wengi walinunuliwa kutoka kaskazini, na malipo makubwa yalikuwa watumwa. Jeshi lilikwenda kuteka watu ili linunue farasi wa kwenda kuteka wengine. Msiliruke jambo hili kwa sababu linachafua picha ya dola tukufu.

Na chakula? Kwa kisa cha mkononi, tumieni shamba la Abda huko Dendi, wakati wa Dawud. Lilikuwa na watumwa 200 chini ya wanyapara wanne, na juu yao mkuu mmoja. Mtawala alitoa mbegu na ngozi za kushonea magunia. Kila mwaka shamba lilitakiwa kutoa magunia 1,000 ya mpunga, nayo yalipakiwa kwenye mashua hadi Gao. Mashamba kama hayo yalikuwa mengi kando ya mto. Mkiona hivyo mtaelewa kwa nini aliyekuwa mkuu wa mashua, hi-koi, alikuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa baraza. Bila yeye wapandafarasi wasingekula. Tahadhari moja tu: Tarikh al-Fattash ilichezewa katika karne ya 19 ili kumtukuza mtawala wa Masina, kwa hiyo utabiri mnaoukuta humo msiuchukulie kuwa wa zama za Askia.

Tuje kwa maliwali. Mkubwa wao alikuwa Kurmina-fari, aliyekaa Tendirma, magharibi, karibu na maziwa na njia ya kwenda Timbuktu na Jenne. Wa kwanza aliyekishika cheo chini ya Askia alikuwa Umar yuleyule, ndugu yake. Upande wa pili, kusini-mashariki, alikuwepo Dendi-fari. Gao ipo katikati ya wawili hao. Kabara, bandari ya Timbuktu, ilikuwa na ofisa wa ushuru, Kabara-farma, na kamanda wa askari aliyeitwa Balama. Mtoza ushuru na mwenye panga walikuwa watu wawili tofauti, na wote wawili waliteuliwa kutoka Gao. Fikirieni tena kisa cha Akil na ile theluthi.

Lakini msiandike kwamba Songhai ilifuta utaratibu wa Mali. Jenne iliendelea na mkuu wake wa jadi. Timbuktu ilikuwa na makadhi wa ukoo wa Aqit, ambao Askia alilazimika kusikilizana nao. Nchi za mbali ziliendelea kutoa kodi chini ya wafalme wao, kama zamani. Uteuzi wa moja kwa moja ulikazwa kando ya mto, palipokuwa na nafaka, bandari na njia ya chumvi kutoka machimbo ya Taghaza jangwani. Jibu linaloonyesha tofauti hiyo hupata alama nyingi kwangu kuliko lile linalotaja vyeo kumi kwa kichwa.

Mpango huu ulikuwa na kasoro yake tangu mwanzo. Liwali mwenye askari wake na shibe yake, tena mwana wa ukoo wa Askia, ni mgombea wa kiti anayesubiri wakati. Mwaka 1528 Askia Muhammad mwenyewe, akiwa mzee na kipofu, aliondolewa na mwanawe Musa. Mwaka 1588 kasoro hiyo ilijitokeza pale pale Kabara: Balama Sadiq alimuua Kabara-farma, viongozi wa magharibi wakamuunga mkono, na akaondoka na jeshi kuelekea Gao kudai kiti. Askia Ishaq wa Pili alimshinda, kisha akawaadhibu vikali waliomfuata, na vikosi vya magharibi vikabaki vimevunjika. Machi 1591, bunduki za Wamoroko waliokuja kuivamia Songhai zilipofika Tondibi, karibu na Gao, wengi wa askari waliopaswa kusimama pale upande wa magharibi walikuwa wameshauawa na Wasonghai wenzao.