Afidaviti ya ndoa SI cheti, nimelipia hilo somo

"Tulifanya ruracio, ile ya mahari ya Kikuyu, mwaka juzi, mume wangu ni sitizen huko Marekani, anataka kufaili I-130, ile fomu ya kuniombea kuhamia huko. Wakili anasema afidaviti ya ndoa na barua ya chifu zinatosha. Ni kweli? Na tuweke picha ngapi, na kwa intavyuu ya Nairobi wanauliza nini?"

Dada shika hapo hapo, usimlipe huyo wakili hata shilingi. Nimesoma hii nikahisi kichefuchefu kwa sababu hayo ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, na mtu mwenye suti nzuri kabisa, elfu tano, muhuri mwekundu, afidaviti imetoka inang'aa kama cheti cha digrii. Afidaviti ni nyinyi wawili mnajiapia wenyewe kwamba mmeoana. Inaweza kukuingiza kwa bima ya kazini, lakini Mmarekani anataka cheti kilichotolewa na msajili wa ndoa wa serikali, na wa kimila pia tunapewa tangu Agosti 2017. Wakili wangu alikuwa hajui, au alijua na elfu tano ikamnyamazisha.

Sasa sikia vile iliniuma. Mimi ndiye niko huku Minesota, mke alikuwa Nakuru. Tulienda kwao mara ya kwanza Desemba 2018, ngurario, ile sherehe ya mwisho inayofunga ndoa ya Kikuyu, ikafanywa Aprili 2019. Wakili akauliza "mlianza lini?", nikamwambia Desemba, akaandika Desemba ndiyo tarehe ya ndoa. Na mimi fala nikanakili hiyo hiyo kwa I-130, nikalipa dola 535, nikakaa nikingoja. Wakati huo wote faili langu lilikuwa na tarehe ambayo kwa mila yetu hata sikuwa nimeoa, maana bila ngurario wewe ni mgeni tu aliyeleta mbuzi.

2021 ikaja barua: leta cheti cha ndoa kutoka kwa mamlaka ya serikali. Nikasema sawa, mke ataenda kuchukua. Kumbe! Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema mkishamaliza sherehe mnamwarifu msajili ndani ya miezi mitatu, halafu mnaomba cheti ndani ya miezi sita, na WOTE WAWILI lazima msimame mbele yake. Si kwa video, si kwa dadako kukuwakilisha. Kwa hivyo nikakata tiketi, dola elfu moja mia sita, likizo bila malipo, kwenda kusimama ofisini dakika kumi niulizwe kama nimemwoa huyu kwa hiari. Nikasema ndiyo, na kwa hiyo bei ningesema nini kingine?

Na hiyo haikuwa mwisho. Ile ilani ya kwa msajili inataka jina la mila iliyofuatwa, kiapo chenu kwamba yale mambo ya mila yalitimizwa, na sahihi za mashahidi wawili watu wazima ambao kila mmoja alifanya kazi muhimu ya kimila siku hiyo. Si rafiki aliyekuja kula. Mzee aliyekuwa msemaji wetu alikuwa amefariki 2020, ikabidi tumtafute shangazi mmoja na mzee wa upande wa mke, na kwa sababu tulikuwa tumechelewa tukaandika kiapo kingine cha kueleza tulikuwa wapi miaka yote hiyo. Cheti kikatoka na Aprili 2019. Faili linasema Desemba 2018. Hapo nikaandika barua ndefu ya kueleza kwa nini nilijioza miezi minne mapema, naapa hiyo ndiyo barua ngumu kuliko zote nimewahi kuandika.

Kwa hivyo wewe: CHETI KWANZA, I-130 BAADAYE. Mume akija likizo hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya nyama choma, na mashahidi mwapange mapema wakiwa bado hai. Tarehe mnayoandika popote ni ile ya ngurario. Na kama mliishia ruracio tu ngurario bado, basi usilazimishe hiyo njia, fanyeni ndoa ya serikali, mnaweka notisi kwa eCitizen siku 21 kabla, mnafungishwa, cheti kinatoka bila kutafuta shangazi yeyote. Lakini hapo tarehe yenu ni ya hiyo siku, msichanganye na ya mbuzi.

Waislamu msifikiri mmepona, cheti cha nikaha cha msikitini hakikisha imamu ana leseni na rekodi ilifika kwa msajili. Wabongo ni hivyo hivyo, ulizeni RITA kama ndoa yenu imo.

Ati uliuliza picha? Idadi sikumbuki. Ninajua niliweka ile nikikata kiande, lile bega la mbuzi la ngurario, kisu kimeshikwa vibaya na wazee wanacheka, na nyuma yake nikaandika tarehe. Ya Aprili.