Daftari moja kwa maombi yote ya stoo

"Natunza stoo ya shule. Walimu wananiomba vitu koridoni, kwa WhatsApp na kwa vikaratasi, na nasahau nusu. Nifanyeje?"

Ndugu, mchangiaji aliyekushauri uandike tu kila kitu ana nusu ya jibu, kwa sababu daftari lisilopitiwa kwa saa maalumu hugeuka kaburi la maombi. Tumia daftari moja tu: ombi la koridoni liandike mbele ya mwombaji, la WhatsApp lihamishie humo kwa mstari mmoja, na kikaratasi kibane ndani yake. Kisha lipitie saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ukianzia juu bila kuruka mstari.

Kupitia si kutekeleza, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilikwama muda mrefu. Ombi la boksi la chaki ni la dakika mbili, kwa hiyo litimize palepale. "Viti vya Kidato cha Pili vimevunjika" halimaliziki leo. Andika kwenye kalenda hatua inayofuata, yaani kuvihesabu Alhamisi, kisha ukate mstari ule daftarini. Mstari uliousoma siku tatu bila kuukata ni ule ambao hukuuamulia hatua yoyote.

Bomba likipasuka, bila shaka usingoje saa tisa. Ama mkuu wa shule anayetaka kila jibu sasa hivi, dawa yake sijaipata. Mwenye uzoefu atusaidie.