Goti halirushi na mkojo umepungua: dozi ya magnesiamu nimpe au nisimpe?

*Wakuu, nina mama wa priklampsia kali, yuko kwenye magnesiamu salfeti ya misuli. Masaa manne yaliyopita mkojo umekuwa kidogo, na sasa goti halirushi, ila anapumua vizuri tu. Muda wa dozi umefika. Nimpe, nisimpe, au nimchome kabisa kalsiamu glukonati?*

Dozi isubiri. Kalsiamu nayo isubiri, ila ampuli yake na sirinji viwe kando ya kitanda, siyo kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mtu aliyeenda kunywa chai. Mwite daktari kwanza, maelezo yangu utayasoma akiwa njiani.

Karibu magnesiamu yote hutoka mwilini kupitia figo, na priklampsia yenyewe huzishambulia figo hizohizo. Kwa hiyo mkojo kidogo hauonyeshi kwamba mama ameshapata sumu. Unaonyesha kwamba mlango wa kutokea unafungwa, na kila gramu utakayoongeza itabaki ndani. Goti ni habari nyingine: likinyamaza, ujue dawa imeshapanda kwenye damu. Kiwango cha tiba ni kati ya milimoli 2 na 3.5 kwa lita. Refleksi hupotea kwenye 3.5 hadi 5, na pumzi huanza kuzimika kwenye 5 hadi 6.5. Moyo husimama mbali zaidi huko, kwenye 12 na kitu. Mipaka hii hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu, lakini mpangilio wake ndio unaotuokoa sisi tusio na maabara ya kupima magnesiamu usiku. Wewe sasa hivi uko katikati: goti limeondoka, pumzi ipo. Hapo ndipo pa kusimama.

Kabla hujaliamini hilo goti, hakikisha mambo mawili. Kwanza, kama alichomwa ganzi ya uti wa mgongo, goti halikwambii chochote mpaka ganzi iishe. Pima kwenye kiwiko. Pili, angalia kwenye faili goti lilikuwaje kabla ya dozi ya kuanzia. Wengi wa akina mama hawa huja na refleksi za kuruka sana, na aliyekuwa anarusha mguu kwa nguvu akaanza kuutikisa kidogo tu ameshabadilika, hata kama mtu wa zamu ameandika "ipo". Ukipima, mguu uning'inie au ushikiliwe ukiwa umelegea, naye akunje vidole vya mikono miwili, avifungamanishe na kuvutana, ili asiukaze mguu bila kujua. Nyundo ikikosekana, ukingo wa kiganja unatosha.

Mkojo nao una vituko vyake. Katheta iliyojipinda chini ya paja, au mfuko uliomwagwa na mtu asiyeandika, vinaweza kukupa "mililita 20" za uongo. Shika kibofu kwa mkono kwanza. Kikiwa hakijajaa na katheta iko sawa, basi namba ni ya kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka angalau mililita 30 kwa saa kwa masaa manne yaliyopita, yaani 120 kwa jumla, refleksi za goti ziwepo, na pumzi zisipungue 16 kwa dakika. Sehemu nyingine wanakubali mililita 25 na pumzi 12. Kwa njia ya misuli mimi nashikilia 16, kwa sababu dripu unaweza kuifunga, lakini gramu 5 zilizokwisha kuingia takoni huzirudishi. Zitaendelea kuvuja kuingia kwenye damu kwa masaa kadhaa, upende usipende.

Nikupe mfano wa mama mmoja niliyemhudumia. Alikuja presha 172 kwa 114, kichwa kinauma, anaona ukungu, protini tatu za msalaba. Saa nane mchana alipata dozi ya kuanzia: gramu 4 kwenye mshipa polepole (mililita 8 za asilimia 50 pamoja na mililita 12 za maji ya sindano), kisha gramu 5 kila tako, zikichanganywa na lignokeini mililita 1 ya asilimia 2 kwa kila sindano. Presha alitibiwa kwa dawa yake, maana magnesiamu huzuia degedege tu, haishushi presha. Saa kumi na mbili jioni vipimo vyote vitatu vilikuwa sawa, akapata gramu 5. Saa mbili usiku akajifungua, akavuja damu kama mililita 700. Saa nne usiku mkojo wa masaa manne ulikuwa 130, goti lipo, pumzi 18, akapata gramu 5 nyingine. Jumla hapo ni gramu 24, na hakuna aliyekosea.

Kilichobadilika ni figo, baada ya kupoteza damu. Saa ya kwanza alitoa mililita 40, ya pili 25, ya tatu 15, ya nne 10. Ukisubiri kujumlisha mwishoni unapata 90 na unashtuka saa nane usiku. Ukitazama mteremko wenyewe, ulishajulikana saa saba. Ndiyo maana nasema mkojo uandikwe kila saa. Saa saba hiyohiyo alilalamika kwamba kope ni nzito na anaona vitu viwili viwili, na maneno yake yalianza kuburura kama ya mlevi. Mtu akisema ni uchovu wa uzazi, mwombe ainue kope na kuzishikilia juu. Joto la uso na kichefuchefu wakati wa dozi ya kwanza ni kawaida. Kope kulegea masaa kumi na moja baadaye siyo kawaida.

Saa nane goti hakuna, kiwiko hakuna, pumzi 14. Dozi ikazuiwa. Hatukumpa kalsiamu hapo. Wapo watakaobishana nami, lakini refleksi iliyopotea peke yake, kwa mtu anayepumua vya kutosha, inatibiwa kwa kusimamisha magnesiamu na kumkodolea macho. Kalsiamu ni ya pumzi inayozimika au moyo unaoyumba. Tulimhesabu pumzi kila dakika 15, kwa dakika nzima, mkono ukiwa juu ya tumbo. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Kwa mtu anayepumua taratibu, pumzi moja uliyoikosa inageuka nne.

Na usidanganywe na kipimo cha kidole. Mama aliyewekewa oksijeni anaweza kuonyesha asilimia 98 huku anapumua mara 8, kwa sababu oksijeni ya ziada inaficha kwamba hewa haitembei na kabonidayoksaidi inajaa. Kidole kikishuka, umeshachelewa.

Saa tisa kasoro alifika pumzi 10, nyepesi, na ilibidi umtikise ndipo ajibu. Kitu cha kwanza ni hewa: kichwa kikae vizuri, oksijeni, na mfuko wa kupumulia wenye barakoa, mmoja anaubana mfuko mpaka kifua kiinuke. Wakati huohuo mwingine anatoa kalsiamu glukonati gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, ndani ya mshipa, taratibu, kwa dakika 3 au zaidi. Mtu mmoja akiwa peke yake, abane mfuko. Mgonjwa anayepumuliwa atakaa salama hata sindano ikichelewa. Aliyechomwa sindano bila kupumuliwa anaweza asikusubiri.

Kwenye ampuli yenyewe soma jina lote. Kalsiamu kloridi ya asilimia 10 ina kalsiamu karibu mara tatu ya glukonati kwa ujazo uleule, na inaunguza mshipa vibaya. Glukonati nayo haichomwi kwenye misuli, na ikivuja nje ya mshipa inaua nyama. Kama mshipa huo ulikuwa unapitisha magnesiamu, usafishe kwanza kwa maji ya chumvi, kwa kuwa salfeti na kalsiamu zikikutana zinaganda kuwa chembechembe. Ukiisukuma haraka, mapigo ya moyo hushuka, kwa hiyo mtu ashike mapigo muda wote unaposukuma.

Ndani ya dakika chache alipumua mara 16 na kufumbua macho. Hapa ndipo watu hupumua wao, wakaondoka. Kalsiamu haiondoi magnesiamu mwilini. Inashindana nayo pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, na ushindi wake ni wa muda mfupi. Ya takoni bado inavuja. Nusu saa baadaye alirudi kwenye 11, mfuko ukarudi kazini, akapewa gramu 1 nyingine. Baada ya hapo alishikilia. Kwa hiyo ampuli moja kando ya kitanda haitoshi, na mtu hatoki pembeni yake mpaka refleksi zirudi.

Kwenye mkojo, kuna vishawishi viwili. Cha kwanza ni kumwaga dripu ili figo "ziamke". Mapafu ya priklampsia hujaa maji upesi, na ukimzamisha hivyo utakuwa na tatizo la pili la pumzi. Fidia damu iliyopotea, zaidi ya hapo endelea kidogo kidogo. Wengi huweka kikomo cha mililita 80 kwa saa kwa majimaji yote. Cha pili ni frusemidi ili chati ipendeze. Kama mapafu hayana maji, iache. Wa kwetu aliongezewa damu na kupimwa kreatinini, na alfajiri mkojo ulianza kurudi wenyewe.

Kwa mama wako, kama goti litarudi na mkojo ukifika 30 kwa saa, daktari anaweza kuamua kuendelea hadi masaa 24 baada ya kujifungua, na ningependa iwe kwa dripu ya gramu 1 kwa saa au pungufu, inayoweza kufungwa, kuliko kurudi takoni. Mkojo ukibaki chini hata goti likiwepo, dozi kamili ya misuli isirudi. Na degedege likimjia wakati refleksi bado hazipo, usimwongezee zile gramu 2 za mshipani tunazozoea kutoa likijirudia. Tumia diazepamu miligramu 10 kwenye mshipa kwa dakika 2, mfuko wa kupumulia ukiwa tayari mkononi, kisha mtafute sababu nyingine, kuanzia sukari hadi damu kuvujia kwenye ubongo.

Andika kwenye faili saa kamili ya sindano ya mwisho ya takoni na upande uliochomwa. Anayekupokea zamu atahitaji kujua ni muda gani dawa hiyo bado inaingia kwenye damu.