Maswali na Majibu: Kumpakia Ng'ombe wa Mnadani Bila Kumuumiza

Ng'ombe hugoma mlangoni mwa lori, vijana wakaanza kuwachapa na kuwakunja mikia. Tufanyeje?

Kabla ya kunyanyua fimbo, pita wewe mwenyewe katika njia hiyo ukiwa umeinama. Macho ya ng'ombe yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo huona eneo pana lakini hupima kina kwa shida. Kivuli kilichokatiza njia, au koti lililotundikwa kwenye uzio, kinatosha kumsimamisha. Ikiwa ndani ya lori kuna giza, funueni turubai. Kisha mtu mmoja asimame ubavuni: akisogea nyuma ya bega la mnyama, mnyama huenda mbele, akisogea mbele ya bega, hurudi nyuma. Anayesimama nyuma ya mkia kabisa haonekani, ndiyo maana ng'ombe hugeuka kumtafuta. Akishapiga hatua, mwondokee kidogo. Wapelekeni wachache wachache, kwa maana ng'ombe aliyetengwa peke yake huchanganyikiwa.

Hatuna jukwaa la kupakilia. Huwa wanaruka tu. Kuna ubaya?

Upo, ila hauonekani siku hiyo. Nyonga hugonga mlango, damu huvilia chini ya ngozi, na mchinjaji huikuta baada ya kuchuna, akaikata na kuitupa. Jengeni tuta la udongo ulioshindiliwa, lenye mteremko usiozidi nyuzi 20. Kwa sakafu ya lori yenye kimo cha mita 1.2, tuta hilo linahitaji urefu wa mita 3.3 hivi, na mita 4 ni bora zaidi. Zibeni pengo kati ya tuta na lori, kwani hapo ndipo miguu huvunjika.

Dereva anataka kubeba 20 wa kilo 300 kwenye sakafu ya mita 6 kwa 2.3. Wataenea?

Wataenea, lakini akianguka mmoja hatapata nafasi ya kuinuka, na wenzake watamkanyaga. Mnyama wa uzito huo anahitaji takriban mita moja ya mraba; lori lako lina mita 13.8, basi wapakie 13 au 14. Wakiwa wachache mno nao hurushwa kila breki inapokanyagwa, hivyo wekeni kizuizi cha kati. Tandazeni mchanga, tengeni wenye pembe ndefu, na dereva asimame baada ya nusu saa ya kwanza kuwakagua.

Nawapima Shinyanga, wakifika Pugu wamepungua. Kilo huenda wapi?

Mwanzoni hupungua kinyesi, mkojo na maji ya tumboni, ambavyo hurudi wakinywa na kula. Safari ikirefuka bila maji, mwili wenyewe huanza kuliwa, na upungufu huo haurudi kwa usiku mmoja. Aidha, mnyama aliyehangaishwa sana humaliza akiba ya sukari iliyomo katika misuli, hivyo nyama yake haipati uchachu wa kawaida baada ya kuchinjwa: hubaki nyeusi, kavu, na huharibika mapema. Wapeni maji na nyasi kavu hadi karibu na kupakia. Majani mabichi huwaharisha na kufanya sakafu iteleze. Ile hila ya kuwalambisha chumvi ili wajaze maji kabla ya mizani, iacheni.