Lasanya inayochemka pembeni huku katikati ni baridi

Shangazi yangu hana kawaida ya kuzunguka maneno. Siku ya kipaimara cha mwanawe wa mwisho, nyumbani kwake Nyegezi, alichota kipande cha lasanya kutoka katikati ya bakuli, akatafuna mara mbili, akaniangalia. "Mwanangu, hapa katikati bado ni friji."

Wageni walicheka, nami nikacheka nao, lakini aibu niliisikia hadi kwenye masikio. Kwa juu ile lasanya ilikuwa picha: jibini limepiga rangi ya dhahabu, pembeni mchuzi unatokota na kurukia ukingoni. Nilipoikata mwenyewe nikaona ukweli. Vidole viwili kutoka ukingoni, moto wa kuunguza ulimi. Katikati, sosi nyeupe imeganda kama uji wa jana, na bapa za pasta bado ngumu kwenye jino.

Tangu siku hiyo nimepika lasanya nyingi, nyingine za oda za watu wa Capri Point na Pasiansi, na katikati baridi ndiyo kosa ninaloulizwa kuliko yote. Nitaeleza ilivyotokea kwangu, kwa sababu kila sehemu ya kosa lile ilikuwa na sababu yake.

Kawaida yangu ilikuwa bakuli la kina kifupi, lasanya ya unene wa sentimita 4 hivi, napanga mchuzi wa nyama ya kusaga ukiwa bado wa moto na kuingiza ovenini papo hapo. Dakika 40 zilitosha kabisa. Siku ya kipaimara wageni walikuwa wengi, nikachukua bakuli la kioo la sentimita 23 kwa 33 na kuijaza lasanya hadi unene wa sentimita 7. Nikapanga usiku wa kuamkia Jumapili, nikaweka frijini. Mchana nikaitoa, nikaingiza ovenini, nikajiambia niongeze dakika 10 kwa sababu imejaa.

Dakika 10! Joto haliingii kwenye chakula kizito kama maji yanavyomiminwa kwenye ndoo. Linatambaa kutoka nje kwenda ndani, tabaka kwa tabaka, na unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kufika katikati unakaribia kuongezeka mara nne. Sasa ongeza kwamba mwanzo katikati pangekuwa pa vuguvugu, na safari hii pako kwenye nyuzi 4 au 5 kama friji. Nilikuwa nimeongeza vitu viwili vinavyorefusha safari ya joto, nikalipa kwa dakika 10.

Wengi hapa hukimbilia kupandisha oveni hadi 220. Haisaidii. Kitu chenye majimaji hakipiti joto la maji kuchemka, na sisi Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Ukichochea moto, pembeni patafika hapo upesi na kuanza kukauka, juu patakuwa makaa, na katikati itaendelea na mwendo wake wa kobe. Mimi nabaki kwenye 180 hadi 190 kwa oveni ya kawaida, au 170 kama ina feni inayozungusha hewa.

Ila 180 ya kitufe si lazima iwe 180 ya kweli. Oveni yangu ya mezani, yenye koili juu na chini, nilipotundika kipimajoto cha oveni ndani yake kilisoma 155 wakati kitufe kinasema 180. Jioni, majirani wote wakiwa wamewasha vitu na umeme ukapungua nguvu, ilishuka zaidi, na ile koili hata wekundu haikufikia vizuri. Kile kipimajoto si ghali, na kilinifundisha kwamba yangu inahitaji kuwekwa karibu 210 na kuachwa ipate moto dakika 20 kabla sijaingiza chochote. Yako utaijua ukiipima.

Sasa foili. Watu huiona kama kifuniko cha kuzuia vumbi, kumbe ndiyo inayofanya nusu ya kazi. Lasanya iliyo wazi inapoteza mvuke kwa juu: bapa za juu zinajikunja na kukauka, na jibini linaiva dakika 25 za mwanzo wakati katikati bado baridi. Unaiona dhahabu, unadhani imeiva, unazima. Ukiifunika, mvuke unabaki ndani, bapa ambazo hukuzichemsha zinakunywa mchuzi na kulainika, na rangi ya juu inasubiri hadi uiruhusu.

Namna ya kufunika ina maana yake. Paka mafuta kidogo upande wa foili utakaotazama chakula, halafu iinue katikati kama hema isiguse jibini, maana ikigusa utavua jibini lote pamoja nayo. Bana kingo kwa vidole kuzunguka bakuli lote. Upande unaong'aa na usiong'aa havina tofauti yoyote, mng'ao huo unatokana tu na mashine ilivyoisokota kiwandani, kwa hiyo usibishane na mtu kuhusu hilo. Kwenye oveni za mezani kuna hatari moja: ile hema isifike kwenye koili ya juu. Kama nafasi ni ndogo, shusha bakuli kwenye waya wa chini.

Na usiku, kama unahifadhi frijini, funika kwa mfuniko au plastiki, foili iweke asubuhi. Niliwahi kuacha foili ikiwa imelala juu ya mchuzi wa nyanya kwenye trei ya chuma cha pua, asubuhi nikakuta vitundu kama vya mende na madoa ya kijivu kwenye chakula. Ni uchachu wa nyanya unaokula aluminiamu, na metali mbili zikikutana kwenye mchuzi wenye chumvi kazi inakwenda haraka zaidi.

Kama bakuli lako ni la kioo, usilitoe frijini likaenda moja kwa moja kwenye oveni iliyowaka. Kioo kinaweza kupasuka, na hapo umepoteza bakuli, nyama na Jumapili. Liache mezani dakika 30 wakati oveni inapata moto. Mimi siliachi zaidi ya hapo. Mwanza mchana joto lake mnalijua, na nyama na maziwa si vitu vya kusahau mezani.

Wiki tatu baada ya kipaimara nilirudia lasanya ileile, bakuli lilelile, unene uleule, kutoka frijini, lakini safari hii nikiwa na kipimajoto cha sindano. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Baada ya dakika 40 chini ya foili, pembeni palikuwa panatokota kabisa, nami zamani hapo ndipo ningezima. Nilichoma sindano katikati: 41. Dakika 60: 58. Dakika 75: 69. Nikatoa foili, nikairudisha dakika 20 ili juu pashike rangi, nikapima tena: 78. Jumla dakika 95. Siku ya kipaimara nilikuwa nimeipa 50.

Namba ninayoitafuta ni 74 katikati, ndicho kiwango kinachotumika sana kwa vyakula vya kuokwa vyenye nyama iliyopikwa kabla. Nyama ilikuwa imeiva jikoni, ni kweli, lakini ililala friji na kupita kwenye uvuguvugu, na uvuguvugu ndio wadudu wanaoupenda. Ncha ya sindano iwe katikati ya kina, isiguse kioo cha chini, kwa sababu kioo kitakudanganya. Pima sehemu mbili tatu kuzunguka katikati, na uamini ile namba ndogo kuliko zote. Oveni nyingi zina upande mmoja mkali, kwa hiyo pale palipo baridi zaidi si lazima pawe katikati kwa rula.

Huna kipimajoto? Kisu chembamba kinatosha. Kizamishe katikati, hata kupitia foili, kifike nusu ya kina, hesabu polepole hadi 15, kichomoe na kigusishe ubapa wake haraka kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, pale penye mshipa. Ukiruka mkono, sawa. Ukisema "kina joto", bado. Kina joto ni jibu la lasanya ya shangazi. Na wakati kisu kinashuka, sikiliza mkono: bapa zilizoiva zinaachia bila kubisha, mbichi zinakukatalia kidogo kwenye kila tabaka. Kisu kikitoka bado vuguvugu, kioshe kabla hujapima tena.

Pembeni kutokota hakuhesabiki. Kutokota katikati, hapo ndipo nianze kukuamini.

Umeme ukikatika lasanya ikiwa ndani, usifungue mlango wa oveni kuchungulia. Oveni iliyofungwa inashikilia joto kwa muda, na mara nyingi unarudi na unaendelea ulipoishia, ukiongeza dakika. Lakini chakula kikikaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, mimi namwaga. Inauma, hasa ukikumbuka bei ya jibini.

Ikishafika 74, itoe na uiache dakika 15 hadi 20, foili ikiwa imeegeshwa tu juu. Joto la pembeni linaendelea kutambaa kwenda ndani, sosi nyeupe inashika, na kipande kinasimama kwenye sahani badala ya kuteleza kama mafuriko. Ukikata papo hapo utalaumu sosi bure.

Siku hizi kwa wageni wengi sitengenezi bakuli moja nene. Natengeneza mawili ya sentimita 4, nayaweka kwenye waya tofauti na kuyabadilishana nafasi katikati ya muda. Yanakula muda mfupi, yuniti za umeme kidogo, na moja likiharibika bado una lingine. Niliwahi kujaribu na sangara pia, minofu ya Mwaloni, na kwa samaki wembamba utaratibu huu ni wa lazima kabisa: dakika 95 za bakuli nene zingemfanya samaki kuwa kamba wakati katikati ndiyo kwanza inapata moto.

Shangazi ameshaalika tena, mwezi ujao, ubatizo wa mjukuu. Ameagiza lasanya, na amesema kipande chake kitoke katikati.