Nyota ya nyutroni ni kiini kimoja kikubwa cha atomu kweli?

> "Wakuu, kuna mahali wameandika nyota ya nyutroni ni sawa na kiini kimoja cha atomu chenye ukubwa wa mji. Hii ni kweli au ni namna tu ya kusema? Na kama uzito wote ule umebanwa hivyo, nini kinazuia isiporomoke iwe shimo jeusi?"

Mkuu, ni kweli nusu, na hiyo nusu isiyo kweli ndo tamu zaidi. Mi nafundisha fizikia kidato cha tano na sita na hili swali huwa nalipeleka ubaoni kabisa, kwa sababu hesabu yake ni fupi na jibu lake huwa linawanyamazisha darasa zima.

Kuna fomula ya ukubwa wa kiini ambayo mwanafunzi yeyote wa hapo anaijua:

```
R = 1.2 fm × A^(1/3)
```

A ni idadi ya protoni na nyutroni kwa pamoja, na fm ni femtomita, yaani 10^-15 ya mita. Weka chuma, A ni 56, unapata kama femtomita 4.6. Weka risasi, 208, unapata 7.1. Inakubali vizuri tu kwa sababu ndani ya kiini chembe zinakaa karibu kwa umbali uleule, ukiongeza chembe kiini kinapanuka ila hakizidi kubanana. Sasa chukua nyota ya nyutroni ya kawaida, uzito wake ni kama Jua mara 1.4, hiyo ni kilo 2.8 × 10^30, gawanya kwa uzito wa nyutroni moja unapata chembe kama 1.7 × 10^57. Iweke hiyo namba kwenye fomula ileile ya chuma na risasi bila kubadilisha kitu, inakuja kilomita 14!

Na vipimo halisi? Kile kifaa cha NICER kilichofungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2017 kinapima eksirei zinazotoka kwenye hizi nyota, na majibu yake mengi yanaangukia kilomita 12 hadi 13 na ushee kutoka katikati hadi juu. Fomula ya kitu kisichoonekana hata kwa hadubini imeruka hadi kwenye kitu cha ukubwa wa mji na imekosea kidogo tu. Kwa hiyo aliyeandika hivyo hakutunga.

Upande wa densiti, ndani ya kiini chochote kizito kuna kama kilo 2.7 × 10^17 kwa mita moja ya ujazo, maana yake sentimita moja ya ujazo ina tani milioni 270. Nyota yetu ya 1.4 ukiipa kilomita 12 wastani wake unatoka kama 3.9 × 10^17, mara moja na nusu hivi ya kiini. Ila huo ni wastani, usiuchukulie kama iko hivyo kote. Kilomita moja hivi ya juu ni gamba, na humo bado kuna viini vya kawaida vimejipanga, halafu ukishuka densiti inapanda mpaka katikati inafika mara kadhaa ya kiini. Hapo katikati hakuna maabara duniani inayoweza kuhifadhi kitu cha namna hiyo kikatulia.

Sasa ile nusu isiyo kweli. Kiini cha chuma kinashikwa na nguvu ya nyuklia, kila chembe imefungwa kwa MeV 8 na kidogo, MeV ni kipimo cha nishati ya chembe. Nyutroni tupu hazishikani zenyewe kwa nguvu hiyo, ukizikusanya zinatawanyika, ndo maana huwezi kupata kiini cha nyutroni peke yake kikadumu. Nyota inashikwa na uvutano, na ukipiga hesabu kwa huo uzito na huo ukubwa kila nyutroni imefungwa kwa karibu MeV 100. Tofauti kubwa hiyo. Kwa hiyo ni kiini kwa densiti, lakini kamba inayokifunga ni nyingine kabisa.

Tuje kwenye kuporomoka. Nyutroni zinafuata kanuni ya Pauli, haziwezi mbili kuwa kwenye hali moja ileile. Fikiria bweni la ghorofa ambalo kila ghorofa lina vitanda viwili tu, chini kukijaa anayekuja analazimika kupanda, hata kama ni baridi na hana nguvu. Ghorofa ndo viwango vya nishati, na vitanda ni viwili kwa sababu nyutroni ina spini mbili, juu na chini. Na hapa ndo pa kushika: ukilibana bweni kwa pembeni, ghorofa zinaachana zaidi kwenda juu, wote inabidi wapande na kupanda kunahitaji nishati, nyota haina pa kuitoa isipokuwa kwenye kule kubanwa kwenyewe. Huko kukataa kubanwa ndo presha ya dijenerasi. Kwa densiti ya kiini, nyutroni ya ghorofa ya juu kabisa ina karibu MeV 60. Joto la ndani ya nyota iliyokwisha tulia, hata ukisema nyuzi milioni mia, ni kama MeV 0.01 tu, kwa hiyo presha hii haitegemei joto hata kidogo, nyota ikipoa mpaka mwisho presha inabaki palepale. Jua letu likikosa joto linasinyaa, hii haisinyai.

Ila wengi wanaishia hapo, na hapo bado. Mwaka 1939 Oppenheimer na Volkoff walipiga hesabu wakaiacha kanuni ya Pauli peke yake ipambane na uvutano wa Einstein, wakapata kwamba haibebi zaidi ya 0.7 ya uzito wa Jua. Kumbe nyingi tunazozipima ziko karibu na 1.4! Halafu mwaka 2010 watu wa darubini ya redio ya Green Bank kule West Virginia wakaipima PSR J1614-2230, nyota inayotuma mpigo kila milisekunde 3.15. Ina mwenzake, kibete cheupe, yaani mabaki ya nyota ya kawaida iliyokwisha kuungua, na kila ikipita nyuma yake mipigo inachelewa kwa makumi ya maikrosekunde kwa sababu inapita kwenye nafasi iliyopindishwa na uzito wa huyo mwenzake. Ule uchelewaji unakupa uzito wa kibete, na mzunguko unakupa uzito wa nyota yenyewe, ikatoka mara 1.97 ya Jua, baadaye ikasahihishwa kushuka mpaka karibu 1.9. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kile Pauli peke yake anachoweza kubeba.

Kinachoongeza ni nguvu ya nyuklia yenyewe. Nyutroni zikiwa mbali kidogo zinavutana, zikisogeleana chini ya nusu femtomita hivi zinasukumana vikali mno, na katikati ya nyota zimebanwa kiasi kwamba huko kusukumana kunabeba sehemu kubwa ya mzigo. Mtu akikwambia presha ya dijenerasi ndo inaishikilia nyota ya nyutroni mwambie ni sawa ila haitoshi.

Na hata hizo mbili zina kikomo, kinakadiriwa mahali fulani juu kidogo ya mara 2 ya Jua. Sababu yake si kwamba nyutroni zinachoka. Kwenye uvutano wa Einstein presha nayo inavuta, kama uzito unavyovuta, kwa hiyo unafika mahali kila presha unayoongeza ili uizuie nyota inaongeza na uvutano unaoibana, na kuanzia hapo haijalishi nyutroni zinasukumana kwa nguvu kiasi gani.